Pini ya pangaboi itafika mwisho wa mwezi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kasi ya kuharibika isiyobadilika

Maswali haya yametoka kwa manahodha na mafundi wa boti ndogo za Wete, na machache kwa vijana wa skuli wanaosoma hesabu za uwezekano na kutaka kuona zinatumika wapi. Nimechagua kipuri kimoja tu, pini ya pangaboi, kwa sababu ndicho kinachoonyesha jambo lenyewe bila ya kuzungukazunguka. Namba za daftari zilizomo humu ni za mfano. Nimezipanga ziwe nyepesi kukokotoa, lakini zinaoana, kwa hiyo ukizijumlisha mwenyewe utazikuta sawa.

Pini yenyewe ni ipi, na inakatika kwa nini?

Kwenye mashine ndogo za kupachika nyuma ya boti, pangaboi halikufungwa moja kwa moja kwenye shafti. Kuna pini fupi, nene kama penseli au pungufu, iliyopita katikati ya shafti na kulishika pangaboi lizunguke nayo. Imetengenezwa kwa shaba au chuma laini, makusudi iwe dhaifu kuliko vyengine vyote. Pangaboi likigonga mwamba, pini hukatika, shafti ikaendelea kuzunguka peke yake, na gia zikasalimika. Utaijua mara moja: mashine inapiga kelele kwa nguvu kuliko kawaida na boti haisogei hata hatua.

Kuibadilisha si kazi kubwa. Unainua mashine, unachomoa kota pini, unafungua nati, unavuta pangaboi, unasukuma vipande vilivyokatika kwa kitu chembamba, kisha unapachika pini mpya. Dakika kumi kwa mtu aliyezoea, kama bahari imetulia na pini ya akiba ipo. Kama haipo, unapiga makasia.

Kasi ya kuharibika isiyobadilika ndiyo nini?

Ni kusema hivi: kwa pini iliyo nzima saa hii, hatari ya kukatika katika saa inayofuata ni ileile, ikiwa imefungwa jana au imefungwa mwezi wa Ramadhani uliopita. Kasi hiyo huandikwa kwa herufi ya Kigiriki λ, inayosomwa lamda, na hupimwa kwa idadi ya kuharibika kwa kila saa ya kazi.

Sababu ya pini kuwa hivyo ni kwamba haiuliwi na uzee. Inauliwa na mwamba, na mwamba haujui pini ina umri gani. Hapo ndipo pa kuanzia kila unapotaka kujua kama hesabu hizi zinakihusu kipuri chako: jiulize kinachokiua kinatoka nje ghafla, au kinajijenga ndani kidogo kidogo.

Basi uwezekano wa pini kudumu kupita saa fulani unapatikanaje?

Tuseme λ ni 0.005 kwa saa, yaani katika kila saa 1,000 za kazi zinakatika pini 5. Pini iliyo nzima ina nafasi ya 0.995 ya kuimaliza saa moja. Kuimaliza ya pili, 0.995 nyengine. Kwa kuwa hatari haibadiliki, unazidisha tu: 0.995 mara 0.995, na kuendelea. Kwa saa 80, ambayo kwetu hapa ni takriban mwezi wa kazi, ni 0.995 ijizidishe mara 80, na jibu ni kama 0.67.

Lakini pini haingoji saa ikamilike ndipo ikatike. Ukikata muda vipande vidogo zaidi, dakika, sekunde, na kuendelea kukata, kule kuzidisha kunatua kwenye kanuni hii:

```
S(t) = e^(-λt)
```

S(t) ni uwezekano wa pini kudumu kupita saa t, na e ni ile namba 2.718 inayotajwa kwenye hesabu za riba na za ukuaji. Kwenye lahajedwali ya simu unaandika:

```
=EXP(-0.005*80)
```

Inatoka 0.670. Yaani ukifunga pini mia moja mpya leo, sitini na saba kati yake unatarajia uzikute nzima baada ya saa 80 za kazi. Kwa safari moja ya saa 4, unaweka 4 mahali pa 80, na jibu ni 0.980. Safari ikiwa fupi hivyo huhitaji hata simu: toa λt kutoka kwenye 1 na utakuwa umekaribia kabisa. 0.005 mara 4 ni 0.02, toa kwenye 1, unabaki na 0.98.

Hiyo λ ya 0.005 umeitoa wapi?

Kwenye daftari, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tuchukue boti 6 zilizoandikwa kwa miezi 5. Kila boti ilifanya kazi saa 400, jumla saa 2,400. Zilianza zote na pini mpya. Katika muda huo zilikatika pini 12, kila moja ikabadilishwa palepale. Maana yake pini zilizowahi kufungwa ni 18: zile 6 za mwanzo na 12 za kubadilishia. Siku daftari lilipofungwa, pini 12 zilikuwa zimekatika na 6 zilikuwa bado nzima kwenye boti.

Kijana mmoja aliyesaidia kukokotoa alichukua zile 12 zilizokatika, akajumlisha saa ilizodumu kila moja, akapata saa 1,370, akagawa kwa 12. Jibu lake: pini inadumu saa 114 kwa wastani. Hesabu yake ya kugawa ilikuwa sahihi, lakini alizitupa pini 6 nzima kwa kuwa "hazijatoa jibu." Kumbe zimetoa. Moja kati yao ilifanya kazi saa zote 400 bila ya kukatika. Hizo sita pamoja zilikuwa na saa 1,030 za kuponea chupuchupu kila siku, na kuzitupa ni sawa na kuhesabu waliofariki tu kisha ukasema watu wa kijiji hiki hawafiki uzeeni.

Njia sahihi, kasi ikiwa haibadiliki, ni nyepesi kuliko ile aliyoitumia: idadi ya zilizokatika igawe kwa saa zote za kazi, za pini zilizokatika na za zilizo nzima. 12 kwa 2,400 ni 0.005. Ukigeuza, ni wastani wa saa 200 kwa pini moja, si 114.

Na saa ninazosema ni za mashine kuwaka, si za boti kufungwa bandarini. Mashine nyingi ndogo hazina mita ya saa. Andika mafuta: kama mashine yenu inakula lita 3 kwa saa na leo imekula lita 12, imefanya kazi saa 4. Si kipimo cha maabara, lakini kinatosha.

Wastani ni saa 200. Kwa hiyo nusu ya pini zinafika saa 200?

Hapana. Weka t iwe 200: λt inakuwa 1, na e kwa nguvu ya hasi 1 ni 0.368. Ni pini 37 tu katika mia zinazofika kwenye wastani wake wenyewe. Hilo ni kweli kwa kila kipuri chenye kasi isiyobadilika, kiwe cha wastani wa saa 200 au saa 20,000.

Ni kwa sababu zile chache zinazodumu sana, saa 500, saa 700, zinauvuta wastani juu. Nusu ya pini huwa zimeshakatika zikifika saa 139, ambayo ni 0.693 mara wastani. Kwa hiyo mwenye duka akikwambia kipuri kina wastani wa saa 2,000 na kinakufa kwa ajali za nje, usiandike kwenye kalenda yako kwamba utakibadilisha saa ya 1,900. Kinaweza kufa kesho.

Pini yangu imeshakula miezi minne. Niibadilishe kabla haijanitia aibu?

Swali hili niliulizwa na nahodha mmoja mtu mzima, tumekaa juu ya ukuta wa bandarini Wete, pini mpya mbili kaziweka kiganjani.

"Mwalimu, hii iliyomo ishachoka. Natia mpya leo."

"Umeitoa ukaiangalia?"

"Nimeitoa. Imenyooka, haina alama."

"Basi hiyo mpya na hiyo ya zamani, baba, kwa safari ya kesho ni mamoja."

Hakunielewa, na sikumlaumu, maana akili ya mtu inakataa. Lakini hesabu ni hii. Pini mpya ina nafasi ya 0.67 ya kumaliza saa 80. Pini iliyokwisha kufanya kazi saa 300, ina nafasi gani ya kufika saa 380? Chukua S(380) ugawe kwa S(300), kwa kuwa tunazungumzia zile tu zilizofika 300. Kwenye kugawa, zile saa 300 zinafutana, unabaki na e kwa nguvu ya hasi 0.4, ambayo ni 0.67 ileile. Wanahesabu husema mgawanyo huu hauna kumbukumbu. Pini haikumbuki ilikotoka.

Ukiitoa pini nzima ya saa 300 ukatia mpya, umetumia pesa ya pini, umepoteza dakika kumi, na safari ya kesho haijawa salama zaidi hata kidogo. Umepata hasara ndogo vilevile: kila ukifungua pangaboi kuna nafasi ya kuifunga nati vibaya au kusahau kota pini. Mpya ile ina kazi, lakini kazi yake ni kukaa kwenye kikopo ndani ya boti.

Nahodha alizitia mfukoni zote mbili, akaondoka. Sijui kama alizifunga.

Angalizo moja: swali langu la kama imenyooka halikuwa la adabu tu. Pini iliyogongwa ikapinda bila ya kukatika imeshapata jeraha, na hiyo si pini nzima tena. Hiyo ibadilishwe. Hesabu hii inaihusu pini ambayo haijapata kitu.

Nitajuaje kama kasi ya kipuri changu kweli haibadiliki?

Usiulize fundi, uliza daftari. Zipange saa za kazi kwa makundi ya umri wa kipuri, si kwa tarehe. Kwa pini za mfano wetu ilitoka hivi: pini zilipokuwa na umri wa chini ya saa 100 zilifanya kazi jumla ya saa 1,250 na zikakatika 6. Zilipokuwa kati ya saa 100 na 200, saa 680 na zikakatika 4. Zilipopita 200, saa 470 na zikakatika 2. Gawa kila moja: 4.8, kisha 5.9, kisha 4.3 kwa kila saa 1,000. Zinapanda na kushuka kidogo, kama inavyotarajiwa kwa idadi ndogo kiasi hiki, lakini hazielekei upande wowote. Uzee hauonekani.

Sasa linganisha na impela ya pampu ya maji kwenye mashine zilezile. Impela ni ya mpira, inasukuma maji ya bahari ya kupoza mashine, na dalili ya uzima wake ni ule mchirizi wa maji unaoruka pembeni mashine ikiwaka. Boti 6, saa zilezile 2,400, impela zote mpya mwanzoni. Chini ya saa 200 za umri: saa 1,490 za kazi, hakuna iliyokufa. Kati ya 200 na 300: saa 560, imekufa 1. Kati ya 300 na 400: saa 350, zimekufa 3. Kwa saa 1,000 ni sifuri, kisha 1.8, kisha 8.6. Hapo huhitaji mtaalamu. Mpira unakakamaa, mabawa yake yanabaki yamelala upande mmoja, mchanga unayala, na kadiri unavyongoja ndivyo hatari inavyopanda.

Ukiilazimisha impela kwenye kanuni ya pini, utagawa 4 kwa 2,400, upate wastani wa saa 600, na kanuni itakwambia impela yoyote ina nafasi ya 0.85 ya kumaliza saa 100 zijazo. Kwa impela mpya ni kuionea, maana hakuna hata moja iliyokufa umri huo. Kwa ile ya saa 300 ni kukudanganya: zilizofika umri huo zilikuwa 5, na zilizomaliza saa 100 nyengine ni 2. Impela ndiyo ya kubadilisha kabla haijafa, kwa kalenda. Kwa vipuri vya namna hiyo kuna kanuni pana zaidi iliyopewa jina la Mswidi Waloddi Weibull, aliyechapisha makala yake maarufu mwaka 1951:

```
S(t) = e^(-(t/η)^β)
```

η ni kipimo cha maisha ya kipuri, kwa saa. β ikiwa 1, unarudi kwenye kasi isiyobadilika. Ikizidi 1, kipuri kinazeeka. Sitaingia ndani zaidi, pini inatutosha.

Mbona kwenye daftari letu pini kongwe ndizo zinazokatika kidogo? Zinakomaa?

Chuma hakikomai. Angalia nani anaziendesha. Ukichanganya kwenye daftari moja nahodha anayeupita mlango wa Fundo taratibu, anayejua kila jiwe, na kijana anayekata njia ya mkato juu ya miamba maji yakiwa yanakupwa, pini za kijana zitakatika zikiwa changa. Zitakazofika saa 300 karibu zote ni za yule mzee. Kwa hiyo kundi la pini kongwe linaonekana imara, kumbe ni kundi la manahodha wazuri.

Kila pini peke yake inaweza kuwa na kasi isiyobadilika kabisa, na mchanganyiko ukaonyesha kasi inayoshuka. Dawa ni kuandika jina la boti kwenye kila mstari na kukokotoa λ ya kila boti mbali, ukiwa na saa za kutosha.

Na bamvua? Wakati wa bamvua pini zinakatika zaidi, kila mtu anajua.

Ni kweli, na hili ndilo pingamizi zito kuliko yote. Wakati wa bamvua maji yetu hupanda na kushuka karibu mita 4, na maji yakikupwa, mwamba uliokuwa chini kabisa unakuja kukutana na pangaboi. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo na njia haibadiliki sana.

Tuseme zile saa 2,400 tumezigawa: saa 1,000 ni za siku za bamvua, na 1,400 ni za siku nyengine. Kati ya pini 12, 9 zilikatika kwenye bamvua na 3 siku nyengine. λ ya bamvua ni 0.009, ya siku nyengine ni kama 0.0021. Kwa safari ya saa 4, uwezekano wa kurudi bila ya kukatikiwa ni 0.965 kwenye bamvua na 0.991 siku nyengine. Hatari inazidi mara nne.

Je, basi 0.005 ni uongo? Kwa muda wa mwezi, si uongo. Mwezi mmoja una bamvua mbili na maji mafu mara mbili, na kinachoingia kwenye kanuni ni jumla ya hatari uliyoipitia, kwa hiyo wastani unafanya kazi. Kwa safari ya kesho asubuhi, ni uongo, kwa sababu kesho ni siku moja ya aina moja. Tumia λ ya siku hiyo. Kumbuka pia kwamba hapa hatari inabadilika kwa siku, si kwa umri wa pini, kwa hiyo jibu nililompa nahodha wa Wete linabaki palepale: pini kongwe na mpya ni mamoja, kwenye bamvua na nje yake.

Nibebe pini ngapi za akiba?

Ikiwa unabadilisha kila inapokatika na kasi ni ileile, idadi ya pini zitakazokatika katika muda fulani inafuata mgawanyo wa Poisson, Mfaransa aliyeandika habari zake mwaka 1837. Wastani wake ni λt.

Kwa mwezi wa saa 80, wastani ni 0.4. Uwezekano wa kutokatika hata moja ni 0.670, wa kukatika moja tu ni 0.268, wa kukatika mbili ni 0.054. Jumlisha, unapata 0.992. Pini mbili kwenye kikopo zinakufikisha mwisho wa mwezi mara 99 katika mia.

Kwa safari moja ya saa 4, ukitoka bila ya akiba, nafasi ya kubaki baharini ni 20 katika elfu. Ukibeba moja, unabaki tu zikikatika mbili, na kwa hesabu hiyo ni 2 katika elfu kumi. Pini moja imepunguza hatari mara mia.

Ila hiyo mara mia siiamini, na nitakwambia kwa nini. Hesabu inadhani kukatika kwa pili hakuna uhusiano na kwa kwanza. Lakini pini ya kwanza ikikatika, uko wapi? Uko juu ya mwamba. Unabadilisha, unawasha, na bado uko kwenye mawe yaleyale, pengine upepo umekusukuma ndani zaidi. Saa ile λ yako si 0.005, ni kubwa mno. Nimeona mtu akikata pini mbili katika nusu saa, mahali pamoja. Kwa sababu hiyo mimi husema tatu kwenye boti, na ukikatikiwa, jisukume kwa upondo mpaka kwenye maji ya kina kabla ya kuwasha.

Tuna boti 6 zinazotoka pamoja. Nafasi ya zote kurudi salama ni ipi?

Kasi zinajumlishwa. Boti 6 mara 0.005 ni 0.03 kwa saa, mara saa 4 ni 0.12, na e kwa nguvu ya hasi 0.12 ni 0.887. Katika siku 100 za kutoka, siku 11 hivi kutakuwa na angalau boti moja inayotafuta pini. Utaratibu huohuo unatumika kwa mashine moja yenye vipuri kadhaa ambavyo kimoja kikifa mashine yote inasimama, mradi kila kimoja kina kasi isiyobadilika. Impela usiitie humo.

Pini 12 tu, namba zenu zinaaminika?

Kwa kadiri yake. Ukiwa umeona 12, kiwango chenye uhakika wa asilimia 95 kinasema idadi halisi ya kutarajiwa kwa saa hizo iko kati ya 6.2 na 21 hivi. Kwa hiyo wastani wa maisha ya pini uko mahali fulani kati ya saa 115 na saa 387. Ni upana mkubwa. Anayekuletea "saa 200.0" kutoka kwenye daftari kama hili anakuonyesha nukta ambayo hanayo.

Na kama kipuri hakijafa hata kimoja, tuseme kisanduku cha umeme cha CDI katika saa zilezile 2,400, usiandike kwamba λ ni sifuri. Gawa 3 kwa saa zote: 3 kwa 2,400 ni 0.00125. Unachoweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 ni kwamba hakifi mara nyingi kuliko mara moja kwa saa 800. Huenda ni bora zaidi ya hapo mara kumi, lakini daftari halijafika huko.

Nikitia msumari wa chuma badala ya pini, λ inashuka?

Ya pini inashuka, karibu ifike sifuri. Mmoja alikuja nao kwa fahari, msumari mnene wa inchi nne kaukata kwa msumeno. Ulikaa wiki tano. Alipogonga, msumari ulitoka mzima, umenyooka, na meno ya gia yalitoka na mafuta yake yakiwa meupe kama maziwa ya nazi, maji ya chumvi yameshaingia. Kwa bei ya ile gia angenunua pini za kumtosha yeye na jirani zake kwa miaka. Kwenye daftari nilimwandikia: pini, sifuri, gia, moja, saa 130.